Mkanda wa mapigo: kifaa nyota nne, duka sifuri

Mkanda wenyewe, ule wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, ningeumaliza kwa sentensi mbili. Hasira zangu ziko dukani.

Ni duka moja la baiskeli hapa Arusha, jina naliacha. Nilipeleka shida ndogo tu: klipu imelegea. Kijana wa kaunta hakuigusa. Aliniweka kwenye baiskeli iliyofungwa stendi, akasema, "Kaka, kanyaga ghafla." Wati, yaani nguvu ya kukanyaga inayosomwa na kipima nguvu, zikaruka kutoka 100 hadi 400 papo hapo, mapigo ya mkanda yakabaki 98. "Si unaona? Kimoja kibovu." Nikaanza kumweleza, akanikata: "Fundi ni mimi au wewe?" Tayari ameshatoa boksi la mkanda mpya.

Jaribio hilo halithibitishi ubovu wowote. Kipima nguvu kilichobandikwa kwenye mkono wa pedeli husoma jinsi chuma kinavyopinda kidogo mno kikikanyagwa, kikazidisha msokoto huo kwa kasi ya mzunguko. Kazi ikibadilika, namba inabadilika nayo. Moyo haupimi pedeli. Sekunde za mwanzo msuli unatumia akiba yake ya ndani, ATP na fosfeti ya kreatini, kwa hiyo haujadai oksijeni yote ambayo kazi ile itahitaji. Moyo huanza kuitikia mapema, maana ubongo unalegeza neva ya vagasi inayoushikia breki. Lakini kulegeza breki hakutoshi kwa kazi nzito. Kinachobaki kinaletwa na neva za simpatetiki na adrenalini, na hizo zinahitaji makumi ya sekunde. Ongeza na kompyuta ya baiskeli, ambayo huwa inatoa wastani wa mapigo kadhaa kabla ya kuonyesha namba.

Chukua ile barabara ya kupanda kutoka Himo kwenda Marangu. Rekodi yangu: mwendo tulivu wa wati 150, mapigo 128. Nikasimama kwenye pedeli, wati 320 kwa sekunde 20, kisha nikarudi 150. Sekunde ya 5 mapigo yalikuwa 130, ya 20 yakafika 147, na kilele cha 154 kilitokea sekunde kama 10 baada ya mimi kuacha kusukuma! Kushuka hadi karibu na 130 kulichukua zaidi ya dakika moja. Kwa hiyo anayefanya mbio fupi za sekunde 20 au 30 akitegemea mapigo anasukuma kupita kiasi mwanzoni, akisubiri namba ipande, halafu anapumzika huku saa inamwambia bado anafanya kazi. Mbio hizo fuata wati. Kwenye vipande vya dakika nne au tano, mapigo hukaribia kutulia dakika ya pili au ya tatu, na hapo ndipo yanaanza kusema kitu.

Ubovu wa kweli una sura yake. Kuchelewa kwa moyo huchora mstari laini, na ukirudia zoezi lile lile mstari unafanana. Mkanda mkavu unaruka ovyo, 120 kisha 205 kisha 120, hasa dakika za mwanzo kabla ya jasho. Lowesha sehemu mbili za kugusa ngozi, kaza, jaribu tena. Saa ya mkononi yenye taa inaweza kushika mtikisiko au mdundo wa miguu: ukiona mapigo 88 na mizunguko ya pedeli nayo 88, na yanaendana hata ukibadilisha gia, shuku. Kwa kipima nguvu, sawazisha sifuri pedeli ikiwa haina uzito, na ukitoka joto la Moshi ukapanda kwenye baridi ya Marangu, rudia baada ya baiskeli kupoa. Yule bwana hakufanya hata moja kati ya haya.

Nilikuwa naelekea kusema mkanda hauna kazi ukiwa na wati. Hapana, nafuta. Mchana wa jua tambarare za kuelekea Boma Ng'ombe, ukishikilia wati 170 bila kubadilisha, mapigo yanaweza kuanza 140 na baada ya saa moja yakawa 155, kwa sababu jasho limepunguza maji ya damu na ngozi nayo inadai damu ya kujipoza. Wati zitakuambia uko vile vile. Mkanda ndio utakaokushtua unywe maji au upunguze.

Nyota nne kwa mkanda, basi. Ya tano imeondoka na klipu, ambayo mpaka sasa naibana kwa raba ya tyubu kuukuu, na inashika vizuri kuliko ilivyokuwa mpya. Duka sifuri. Na kama kijana akisoma hapa, aache mteja akanyage dakika tatu mfululizo kwenye wati zile zile kabla hajafungua boksi.