TAHADHARI: Simu "safi kabisa" isiyosoma laini. Nimelizwa mchana kweupe

Jamani, ile simu niliyowatambia juzi, naomba mnicheke mmalize halafu mnisikilize. Nimeingizwa mjini. Mimi, niliyekuwa nawafundisha wenzangu kununua simu iliyotumika.

Muuzaji alikuja na laini yake mwenyewe ikiwa ndani ya simu. Netiweki imejaa. Akabonyeza *#06# mbele yangu, namba za utambulisho wa simu zikatokea, nikalinganisha na za kwenye boksi, moja moja kwa kidole, zote sawa. Kisha akanipigia. Simu yangu ikaita mfukoni, nikapokea, tukaongea "haloo, haloo" tumesimama hatua tatu tu kama wendawazimu wawili. Sasa niambieni, mtu anakupigia kwa simu hiyohiyo unayotaka kuinunua, utakataaje?

Nikamwomba nijaribu laini yangu. Akasema sindano ya kufungulia trei kaisahau. Nikalipa. Ndipo sindano ikapatikana! Ilikuwa kwenye pochi yake muda wote. Akanigeuzia mgongo kidogo, akatoa laini yake, akarudisha trei tupu, akanipa simu na kunitakia matumizi mema. Ule mgongo hadi leo nauona nikifumba macho.

Nyumbani navuta trei, inatoka na vumbi lililogandamana kama ugoro, na kwenye kitako cha laini kuna kitu kinanata, mabaki ya gundi. Nikafuta kwa shati, nikaweka laini. `No SIM`. Nikazima na kuwasha. `No SIM`. Nikaiweka laini kwenye simu yangu ya zamani, inasoma bila shida. Nikaazima laini ya dada, hadithi ileile. Kwa hasira nikaiminya simu kwa kidole gumba mgongoni, usawa wa trei, na netiweki ikaja! Nikaachia, ikapotea. Nimekaa nusu saa nzima naminya na kuachia kama ninayekanda unga.

Fundi alimulika tochi ndani ya sloti na kioo cha kukuzia, akanipa nami nichungulie. Mle kuna pini sita ndogo za shaba zilizopinda kama springi, zinatakiwa zisimame kimo kimoja ili ziguse ile sehemu ya dhahabu ya laini. Zangu mbili zimelala chali na moja imejikunja pembeni. Trei yenyewe inacheza kushoto na kulia, maana sloti imelika. Akasema huenda mtu aliwahi kuingiza laini iliyokatwa kwa mkasi, ikakwama, akaivuta kwa nguvu.

Na ile gundi? Fundi alicheka kwanza. Ukibandika karatasi iliyokunjwa nyuma ya laini, upande usio na dhahabu, laini inasukumwa kuelekea kwenye pini na simu inasoma, angalau kwa muda wa kumdanganya mjinga mmoja. Karatasi iliondoka na laini ya muuzaji, gundi akaniachia mimi. Na zile namba za *#06# nilizolinganisha kwa mbwembwe hutokea hata kama hakuna laini ndani. Hazisemi lolote kuhusu sloti.

Alisafisha kwa spiriti na brashi laini, simu ikiwa imezimwa. Uchafu ukatoka, `No SIM` ikabaki, kwa sababu uchafu haukuwa ndio ugonjwa. Akajaribu kuinua pini moja kwa sindano, ikasimama, ya pili ikakatika. Sasa imebaki kung'oa sloti nzima kwa hewa ya moto na kuchomelea nyingine kwenye bodi, na kama vile vituo vya kuchomelea vitabanduka pamoja na ya zamani, hanihakikishii kitu.

Nimempigia yule bwana mara kumi na moja. Mara ya kwanza alinijibu "labda laini yako ndiyo mbovu, kaka", halafu akanizuia. Watu wa aina hii wapelekwe polisi, wafungiwe kuuza hata kiberiti! Mjomba ananiambia nisamehe. Sisamehi. Nina ujumbe wake wote, nina boksi, na malalamiko nayapeleka Jumatatu.

Mtakaonunua: trei itoke mbele ya macho yenu, laini iwe yenu, na kabla ya pesa kutoka. Ikishasoma, tikisa simu, minya mgongo, zima uwashe, uone kama inashika. Gundi au karatasi kwenye trei, kimbia. Mtu akisema hana sindano, klipu ya karatasi iliyonyooshwa inatosha, na mimi nilikuwa nayo kwenye begi siku ile, imebana risiti zangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela. Na yeye nasikia bado anauza. Akikuletea "safi kabisa", mwambie ageuke akutazame usoni wakati anatoa laini, mwizi mkubwa yule!