Nilipopunguza nguvu ya nodi, simu zikaacha kuing'ang'ania sebule

Mwaka jana nilinunua seti ya meshi, yaani vifaa kadhaa viitwavyo nodi vinavyosambaza waifai moja nyumba nzima, yenye nodi tatu kwa ajili ya nyumba yetu, ambayo ni ya ghorofa moja, kuta zake ni za matofali ya saruji na sakafu ya juu ni zege lenye nondo. Nodi kuu niliiweka sebuleni, pale waya wa faiba unapoingilia. Ya pili niliitundika kwenye korido ya juu na kuiunganisha na ile kuu kwa kebo, na ya tatu niliipeleka kwenye chumba cha uani, ikawasiliana na nodi kuu kwa mawimbi. Chapa ya seti hiyo siitaji, kwa sababu tatizo nililolipata linaweza kuikuta seti yoyote inayotoka dukani ikiwa imewekwa nguvu ya juu kabisa ya kurusha mawimbi.

Tatizo lilijitokeza chumbani kwangu, ghorofani, hatua chache tu kutoka nodi ya korido. Nilikuwa nikipanda ngazi huku nikizungumza na mama kwa waifai, na kila nikifika chumbani ananiambia: "Mwanangu, sikusikii, unaongea kama mtu aliyefunikwa na sufuria." Mimi nilikuwa nikimsikia vizuri kabisa, na alama ya waifai kwenye simu ilionyesha ishara ya kutosha. Kwa muda mrefu niliilaumu kampuni ya intaneti bila sababu. Jambo la kuzingatia lilikuwa hilo hilo, kwamba sauti ilikuwa ikikatika upande mmoja tu, yaani ile inayotoka kwenye simu yangu.

Nilipofungua orodha ya vifaa kwenye ukurasa wa usimamizi, nilikuta simu yangu bado imeunganishwa na nodi ya sebuleni, ilhali nodi ya korido iko karibu nayo zaidi. Nami, kama wengi, nilidhani kwamba nodi ndizo zinazokabidhiana simu. Nodi zinaweza kushauri, lakini anayeamua kuhama ni simu yenyewe, na simu haihami kwa sababu tu kuna nodi nyingine iliyo bora. Huhama pale iliyo nayo inapokuwa mbaya vya kutosha. Kwa simu za iPhone kiwango hicho kimetangazwa na watengenezaji wake. Simu hubaki ilipo mpaka nguvu ya mawimbi inayoyapokea ishuke chini ya -70 dBm, kipimo ambacho kadiri namba hasi inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu zaidi, ndipo huanza kutafuta nodi nyingine yenye jina lile lile la mtandao. Hata ikiipata, haihami mpaka nodi hiyo mpya iizidi ya zamani kwa desibeli 8 ikiwa simu inatumika, au 12 ikiwa imetulia. Simu za Android hutofautiana kulingana na mtengenezaji, ingawa mwenendo wao kwa jumla ni huo huo.

Basi nilianza kupima. Kwenye iPhone nilitumia programu ya AirPort Utility, ambayo ina kipengele cha Wi-Fi Scanner kinachowashwa kwenye mipangilio ya simu. Huonyesha kila nodi inayosikika, BSSID yake, yaani namba ya kuitambulisha, na nguvu yake. Kila nodi ina BSSID yake, kwa hiyo niliandika kwenye karatasi herufi mbili za mwisho za kila moja ili nisizichanganye. Nilisimama kando ya kitanda na kupata majibu haya: nodi ya sebuleni -64, nodi ya korido -47. Tofauti ni desibeli 17, ambayo ni kubwa mno, lakini simu haikuwa na habari nayo, kwa kuwa -64 bado ni juu ya -70 na hivyo haikuona sababu ya kutazama kwingine.

Kilichonifungua macho zaidi ni upande wa pili wa kipimo. Kwenye orodha ya vifaa, nodi ya sebuleni ilisema kwamba inaisikia simu yangu kwa -73. Njia ni ile ile na kuta ni zile zile, lakini kwenda ni -64 na kurudi ni -73. Tofauti ya desibeli 9 inatokana na nguvu ya kurusha: nodi ilikuwa ikirusha kwa 23 dBm, ambazo ni kama miliwati 200, na simu, kwa hesabu hiyo, ilikuwa ikirusha kwa karibu 14 dBm, yaani takriban miliwati 25. Nodi ilikuwa ikipaza sauti kutoka sebuleni, simu ikamjibu kwa kunong'ona. Ndiyo maana nilimsikia mama naye hakunisikia.

Kutokana na hapo hesabu ilikuwa nyepesi. Kama ningeishusha nodi mpaka 14 dBm, ilingane na simu, kila nilipoipata kwa -64 ningeipata kwa -73, na simu ingevuka mstari wa -70 mara tu baada ya kumaliza ngazi. Wala hakuna ambacho ningekipoteza upande wa simu kwenda nodi, kwa sababu kupunguza nguvu ya kurusha hakupunguzi uwezo wa nodi wa kusikia.

Kwenye programu ya simu iliyokuja na seti hii mpangilio huo haupo kabisa. Nilipaswa kufungua ukurasa wa nodi kwa kivinjari, kuingia Advanced, kisha kwenye Transmit Power kubadilisha Auto kuwa Custom na kuandika 14 kwa masafa ya gigahezi 5. Nilifanya hivyo kwa nodi zote tatu na si ya sebuleni peke yake, kwa sababu simu inayoshuka chini ingeing'ang'ania nodi ya korido vile vile ilivyoing'ang'ania ile ya sebule ilipokuwa ikipanda. Kila badiliko liliziondoa nodi hewani kwa karibu dakika moja, hivyo ni kazi ya kufanya watoto wakiwa wamelala.

Nilipopima tena chumbani, sebule ilisomeka -73 na korido -56. Nilimpigia mama, nikapanda ngazi kwa mwendo wa kawaida, nikasimama kando ya kitanda. Sauti ilisita kwa muda mfupi tulipokuwa tukizungumzia bei ya mchele, kisha ikaendelea safi, na orodha ya vifaa ikaonyesha simu iko korido. Nikarudi sebuleni na simu ikarudi nami. Ukijaribu hili, fanya simu ikiwa kazini, kisha subiri hata nusu dakika kabla ya kuhukumu. Simu iliyolala mfukoni hutafuta nodi mara chache na inadai tofauti kubwa zaidi, kwa hiyo inaweza kukudanganya kwamba hakuna kilichobadilika.

Kwa pupa ya mafanikio hayo nilishusha tena hadi 8 dBm, nikaharibu jiko. Jiko letu liko katikati ya sebule na uani. Kwa 14 dBm, kwenye kona ya friji nilikuwa nikipata sebule kwa -69 na uani kwa -68, hali ambayo si nzuri sana lakini inatosha. Kwa 8 dBm zikawa -75 na -74. Simu ilikuwa imeshavuka mstari, ikawa inatafuta bila kukoma, na hapakuwa na nodi iliyoizidi nyenzake kwa desibeli 8. Ikabaki palepale inahangaika, na mke wangu akaamua kutumia bando lake kila anapopika. Nilirudisha 14. Kumbe kikomo cha kushusha hakipimwi karibu na nodi, bali pale nodi mbili zinapokutana kwa udhaifu.

Masafa ya gigahezi 2.4 yalinisumbua kwa namna nyingine. Hayo hupenya kuta vizuri zaidi, na kwangu yalikuwa bado kwenye 20 dBm. Nikirudi nyumbani jioni, simu ilikuwa ikiyadaka ya sebuleni tangu getini, kabla gigahezi 5 haijasikika, na kwa kuwa chumbani bado yalisomeka -66, yalinifuata mpaka kitandani kama kupe. Kanuni ninayoiamini ni kuyaweka chini ya yale ya gigahezi 5 kwa desibeli 6 hivi, kwa hiyo niliyashusha hadi 8. Simu zikatulia, lakini kamera ya getini, ambayo haijui masafa mengine, ikapotea. Hatimaye niliyapa masafa ya 2.4 jina lake tofauti, nikayarudishia nguvu yake kwa ajili ya kamera, na nikaufuta mtandao huo kwenye simu zetu zote. Jina kuu likabaki la gigahezi 5 peke yake.

Gharama ambayo sikuitarajia ilitoka uani. Nodi ile iliwasiliana na nodi kuu kwa mawimbi ya gigahezi 5 yale yale niliyoyapunguza, kwa hiyo kasi ya huko ilishuka kutoka megabiti 80 kwa sekunde hadi chini ya 30. Baadhi ya seti zina redio ya pekee kwa ajili ya mawasiliano ya nodi kwa nodi, yangu haina. Nilinunua kebo ya Kat 6 ya nje, mita 22, nikaipitisha ndani ya bomba kando ya ukuta, na tatizo likaisha. Laiti ningelijua, ningetandaza kebo kwanza ndipo niguse nguvu ya mawimbi.

Kompyuta ya Apple ya mke wangu bado haijakubali. Hizo zina mstari wa -75, si -70, kwa hiyo akiingia nayo chumbani kwa -73 inabaki na sebule. Ningeweza kushusha hadi 11, ila kona ya friji ingekuwa -72, nami sitaki kurudi kwenye kesi ya jikoni. Anazima waifai na kuiwasha, inashika korido, anaendelea na kazi yake.

Kuhusu seti yenyewe, naridhika nayo kwa kuwa inaruhusu kuandika namba ya dBm na inaonyesha jinsi nodi inavyoisikia simu. Bila vipimo hivyo viwili ningekuwa nabahatisha. Kabla ya kununua, muulize muuzaji akufungulie ukurasa huo uuone kwa macho, kwa sababu zipo seti ambazo hazina mpangilio wa nguvu kabisa. Lalamiko langu ni kwamba sasisho la programu ya nodi limewahi kurudisha Transmit Power kwenye Auto bila taarifa, na niligundua pale mama alipoanza tena kulitaja sufuria. Sasa kila baada ya sasisho huingia kwanza kwenye ukurasa huo kuhakikisha 14 bado ipo.