Vitabu vya mtumba Mwanjelwa: nakala ipi uilipie zaidi, ipi uiache

Wauza vitabu wengi niliowazoea katika soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, hupanga bei kwa unene na kwa sura ya jalada. Riwaya nyembamba iliyochakaa huwekwa fungu moja na kitabu cha mazoezi ya shule, na mnunuzi anayejua kusoma ukurasa mmoja tu anaweza kuondoka na kitu ambacho mkusanyaji angekilipia mara kumi. Ukurasa huo ni ule wa hakimiliki, nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu.

Nitapanga nakala za kitabu kimoja, *Rosa Mistika*, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau ya Nairobi. Nimeichagua kwa sababu historia ya mchapishaji wake inasaidia sana kujua umri wa nakala, na ukishaielewa hii utaweza kupima riwaya nyingine za Kiswahili za miaka hiyo.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Toleo ni matini yenyewe ilivyopangwa. Ikisahihishwa au kupangwa upya, linakuwa toleo jingine. Chapa ni safari moja ya mtambo. Toleo la kwanza linaweza kuchapwa mara tano bila kubadilika hata nukta. Wakusanyaji wanatafuta chapa ya kwanza ya toleo la kwanza, kwa hiyo maneno "toleo la kwanza" peke yake hayatoshi kukufanya utoe pesa.

Nafasi ya kwanza: chapa ya 1971, jalada lake la asili, kurasa zote

Kwenye ukurasa wa hakimiliki unatafuta mwaka 1971 ukiwa peke yake. Chini yake kukiwa na mstari unaosema kimechapwa tena, ukifuatiwa na mwaka mwingine, basi nakala uliyoshika ni ya mwaka ule wa mwisho, hata kama 1971 umeandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanasoma mwaka wa juu na kuishia hapo.

Halafu angalia jina la mchapishaji. East African Literature Bureau ilianzishwa mwaka 1948 kuhudumia nchi zetu kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 shirika hilo nalo likafika mwisho, na upande wa Kenya kazi yake ikaja kuchukuliwa na Kenya Literature Bureau. Kwa hiyo nakala yenye jina hili la pili haiwezi kuwa chapa ya kwanza, hata muuzaji aape vipi. Hesabu hiyohiyo inafaa kwa alama nyingine. Kitabu kinachotaja Tanganyika kama nchi ya mchapishaji kimepangwa kabla jina la Tanzania halijaanza kutumika mwaka 1964. Namba ya ISBN yenye tarakimu 13 ni ya kuanzia 2007. Ukikuta namba hiyo, au msimbopau nyuma ya kitabu kinachodai ni cha 1971, umeshika chapa ya baadaye.

Kuna kitu kimoja ambacho si ushahidi kabisa, nacho ni unjano wa karatasi. Karatasi ya bei nafuu hugeuka njano haraka ikipigwa na jua, na pale sokoni vitabu vinashinda juani. Miaka michache tu inatosha kukifanya kitabu kipya kionekane kikongwe.

Nafasi ya pili: chapa ileile ya kwanza, lakini ina kasoro

Kasoro hazilingani. Jina la mwenye kitabu kwa kalamu ndani ya jalada hupunguza thamani kidogo tu. Mhuri wa shule au maktaba hupunguza zaidi, na pia unapaswa kukufanya uulize kitabu kilitokaje huko. Mimi nikikosa alama ya kuonyesha kimeondolewa rasmi, sinunui. Selotepu kwenye mgongo ni mbaya kuliko mpasuko wenyewe, maana gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka. Ukurasa uliokosekana huua karibu thamani yote, kwa hiyo pitia namba za kurasa moja baada ya nyingine ukiwa bado umesimama palepale.

Kwetu nyanda za juu adui mkubwa ni unyevu. Vitabu vinavyokuja kutoka Tukuyu baada ya masika mara nyingi vina ukungu. Gusa doa taratibu kwa karatasi nyeupe. Likitoka vumbivumbi au likipakaa, pamoja na harufu kali, huo ni ukungu na unaweza kuhamia kwenye vitabu vyako vingine. Vidoa vya kahawia visivyofutika mara nyingi ni uzee wa karatasi, na hatari yake ni ndogo.

Nafasi ya tatu: chapa za baadaye

Hizi nunua usome. Hapa ndipo zinapoangukia pia riwaya za mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann, ambazo zimejaa kwenye mafungu. Riwaya ya kwanza ya Chinua Achebe, kwa mfano, ilitoka London mwaka 1958 ikiwa na jalada gumu. Ile ya jalada laini, namba 1 ya mfululizo, ni ya 1962. Nayo ikachapwa tena na tena, kwa hiyo orodha ndefu ya miaka utakayoikuta ndani inakueleza kila kitu.

Nafasi ya mwisho: nakala ya kudurufu

Hii iache. Nimewahi kulipa shilingi 15,000 kwa nakala yenye mwaka 1971 na jina sahihi la mchapishaji. Nilipofika nyumbani Soweto, hapahapa Mbeya, nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia: herufi zilikuwa zinang'aa, wino umekaa juu ya karatasi kama ngozi nyembamba, na kwenye ukurasa wa 40 na kitu kulikuwa na kivuli cheusi cha mkunjo ambao haukuwepo kwenye karatasi yenyewe. Ulikuwa mkunjo wa kitabu kilichodurufiwa. Siku hizi nainamisha ukurasa kwenye mwanga kabla ya kutaja bei.

Mwezi uliopita nilikuta mbili katika fungu moja. Ya kwanza ilikuwa safi, jalada linavutia, mchapishaji Kenya Literature Bureau. Ya pili ilikuwa na mgongo uliopauka na jina la mwanafunzi kwa wino wa bluu, ndani 1971 bila mwaka mwingine, kurasa zote zipo, herufi hazing'ai.

"Shikamoo mama. Hizi mbili unauzaje?"

"Marahaba mwanangu. Hiyo nzuri elfu tano, hiyo mbovu nipe elfu mbili."

Nilimwambia ukweli, kwamba ile anayoiita mbovu ndiyo yenye thamani, nikampa elfu kumi. Angeweza kunikatalia na kupandisha. Hakufanya hivyo, na sasa ananiwekea pembeni vyenye miaka ya zamani.

Kuhusu bei ya kuuzia, usitazame wanachoomba wauzaji mtandaoni, maana kuomba si kuuza. Tazama vilivyokwisha kuuzwa. eBay ina kichujio cha `Sold items`. Wanunuzi wa chapa za kwanza za Kiswahili ni wachache, wengi wao maktaba za vyuo na watafiti, kwa hiyo nakala nzuri inaweza kukaa nawe miaka miwili kabla mtu hajaiulizia. Kwa muda huo isimamishe wima kwenye rafu ya ukuta wa ndani, mbali na ukuta unaopigwa na mvua, na usiifunge kwenye mfuko wa nailoni, maana unyevu utabaki humo humo.