Mpira wa gesi: soma picha kabla hujalipa

Khalati yangu anakaa Faza. Juzi alinitumia picha ya mtungi wake ninunue mpira mpya hapa Amu mjini. Alipiga kwa mbali: mtungi, jiko na pazia, vyote vimo. Zamani ningeenda dukani na picha ile ile nikasema "nataka mpira wa mtungi wa kilo 13." Nilishafanya hivyo mara moja, nikapewa mpira wa milimita 10, nao mdomo wa regileta ulitaka wa 8. Tuliubana kwa klipu mpaka ukajikunja, na gesi ikapita kwenye mkunjo. Na kutoka Faza hadi duka la mjini ni safari ya boti kwenda na kurudi.

Kosa lilikuwa la swali lenyewe. Mpira haugusi mtungi. Valvu ya mtungi huchagua regileta, na mdomo wa regileta pamoja na mdomo wa jiko ndivyo vinavyochagua mpira. Rangi ya mtungi haikusaidii kitu.

Basi nilimwomba khalati afunge kila kitu, azime moto wowote jirani, afungue dirisha, aitoe regileta kisha apige picha tatu.

Ya kwanza, valvu kutoka juu. Ukiona nyuzi za skrubu, regileta yake hukazwa kwa kuzungusha, kama bana inavyokazwa moja kwa moja juu ya mitungi mingi ya kilo 6. Ukiona shingo laini yenye mfuo, regileta ni ya kubofya: unaisukuma chini mpaka ilie na kujifunga. Ya khalati ilikuwa ya kubofya. Hapa usikadirie kipimo kwa macho. Valvu za kubofya za milimita 20, 21 na 22 kwenye picha ni ndugu mapacha. Ikiwa regileta nayo itabadilishwa, beba ile ya zamani au soma namba iliyochapwa kwenye mwili wake.

Ya pili, maandishi ya regileta. Yake yalisomeka "30 mbar". Hiyo ni presha ndogo ya jiko la nyumbani. Ukiona mkono wa kuzungusha wa kuongeza presha na namba za "bar" badala ya "mbar", hiyo ni ya bana kubwa za biashara. Usiipe mpira wa kawaida hata kama mdomo unalingana.

Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote: mdomo wa regileta kutoka ubavuni, rula imegusana nao. Rula ikiwa nyuma yake, mdomo huonekana mnene kuliko ulivyo. Tazama kwanza kama una matuta ya kushika mpira au nyuzi za nati, maana wa nyuzi unahitaji mpira wenye nati mwishoni. Wa khalati una matuta, na rula ilionyesha kama milimita 9. Isikudanganye ukanunua mpira wa 9 au 10: matuta huwa manene kidogo ili mpira ubane. Nilimwambia asugue mpira wa zamani kwa kitambaa, na chini ya mafuta ikatokea "8 mm". Mdomo wa jiko nao ulikuwa wa matuta, wa unene ule ule.

Dukani nilipanga hivi. Nafasi ya kwanza: mpira wa raba wa gesi, wenye kipimo, mwaka wa kutengenezwa na neno "LPG" vimechapwa mwilini, mita moja na nusu, pamoja na klipu mbili za skrubu za chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya hewa yetu hula klipu za kawaida upesi sana. Nafasi ya pili: seti ya regileta na mpira pamoja, inayofaa tu ikiwa regileta imechoka na umehakikisha valvu. Ya tatu, ya shida tu: mpira wa gesi unaokatwa kwenye rola, ukiwa umejionea maandishi yake kabla haujakatwa. Mpira wa maji au wa plastiki unaopenyeza mwanga sikuupa nafasi yoyote. Gesi huukausha ukapasuka.

Nilichukua wa kwanza. Khalati alitia ncha kwenye maji ya moto ilainike, akaisukuma mpaka ikapita matuta yote, akakaza klipu, akapaka povu la sabuni. Upande wa jiko ulitulia. Upande wa regileta povu likatoa vitone vidogo vidogo, vikivimba. Akafunga gesi, akaisogeza klipu nyuma kidogo ikae juu ya matuta, kwani alikuwa ameifunga ukingoni kabisa. Alipopaka tena, povu lilibaki kimya.