Karatasi za mwandiko nilizonunua Moshi: wiki sita na herufi d

Mwanangu ana miaka mitano. Akiandika "dada", inasomeka "baba". Mwalimu wake wa darasa la awali aliniambia umri huo si ajabu, ila mimi nikapita stesheneri moja karibu na stendi nikachukua seti ya karatasi 24 kwa shilingi 4,000.

Kila herufi ina kitone cha pa kuanzia na mshale wa kuonyesha penseli ielekee wapi. Mistari ni minne, na miwili ya katikati imeachana kama sentimita moja, nafasi inayomtosha mtoto ambaye bado anaandika kwa mkono mzima. Kilichonivutia ni mpangilio. Hawakuanza na a, b, ch. Wameanza na c, ambayo kwetu haisimami hata peke yake, kisha o, a, d na g, kwa kuwa zote zina mwendo mmoja: anza juu kulia, nenda kushoto, shuka, zunguka. Ukifunga c na kuiwekea kijiti unapata a. Kijiti kikipanda hadi mstari wa juu unapata d. Herufi b imewekwa mbali, pamoja na h na n, zinazoanza na kijiti kinachoshuka.

Wiki ya kwanza nilimwachia karatasi nikaenda kuchambua mchicha. Narudi, ukurasa umejaa d nzuri. Nikafurahi bure! Siku nilipokaa kando yake nikaona anavuta kijiti kutoka chini kwenda juu, halafu anabandika duara ubavuni. Nukta zinazochora umbo la herufi kazifuata zote, mshale hata hajautazama. Herufi ikishakamilika haisemi imeandikwaje. Dalili ilijitokeza kwenye mstari wa mwisho usio na nukta: duara na kijiti vilikuwa vimeachana, na alipoharakisha, d ikageuka b.

Tukarudi nyuma. Kwanza kidole juu ya karatasi, huku tukisema, "Zunguka, panda, shuka." Kisha penseli, herufi tano tu kwa siku, nami namtazama mkono. Wiki ya nne "dada" ikawa dada.

Nafasi kati ya maneno wanaelekeza ipimwe kwa kidole. Kwetu kidole kilimzuia kuandika, tukatumia kijiti cha aiskrimu.

Kasoro zipo. Ni fotokopi, na kurasa kadhaa nukta zimefifia. Karatasi ya 18 mistari inabanwa ghafla hadi nusu sentimita; niliiruka, nikachora mistari yangu kwa rula. Halafu mfano wa herufi umewekwa kushoto tu. Mtoto wa jirani anatumia mkono wa kushoto, na mkono huo huo unaufunika mfano anaotakiwa kuutazama. Zake nimeziandikia mfano upande wa kulia kwa kalamu nyekundu, mstari kwa mstari.