Kabla ya kulipia modeli ya akili mnemba: inaona picha kweli, au inasoma maandishi tu?

Kitufe cha kupakia picha hakithibitishi kwamba modeli iliyo nyuma yake inaona. Kwa mnunuzi kuna aina tatu, na kama kazi yako ina fomu zilizojazwa kwa mkono, majedwali au grafu, mimi nazipanga kama ifuatavyo.

Nafasi ya kwanza: modeli inayoona

Hii huikata picha vipande vidogo vya mraba, kwa mfano pikseli 14 kwa 14, kisha kila kipande hugeuzwa kuwa safu ya namba na kuingia kwenye modeli pamoja na maneno ya swali lako. Kwa hiyo rangi, mistari na mahali kitu kilipokaa vyote huifikia modeli.

Chukua jedwali la bidhaa lenye safu nne: betri 12, taa 30, nyaya 8, swichi 15. Mtu ameikata safu ya taa kwa kalamu nyekundu. Ukiuliza jumla ya zilizobaki, modeli inayoona ina uwezo wa kuuona ule mstari na kukujibu 35.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye maandishi madogo. Huduma nyingi hupunguza picha kabla ya kuisoma. Picha yenye upana wa pikseli 4000 ikishushwa hadi 1000, tarakimu iliyokuwa na kimo cha pikseli 20 inabaki na 5, na hapo 3 na 8 hufanana. Kibaya zaidi, modeli mara nyingi haisemi kwamba haisomi. Hutaja namba kwa uhakika uleule. Dawa ni kukata sehemu unayoihitaji na kupakia hiyo peke yake. Pia usiitegemee kuhesabu vitu vingi vilivyosongamana, wala kukadiria thamani kamili kwenye grafu isiyoandikwa namba. Na kumbuka kwamba picha nayo huhesabiwa kama tokeni, yaani vipande vidogo vya data ambavyo huduma hutozea malipo, hivyo picha moja inaweza kugharimu zaidi ya kurasa kadhaa za maandishi.

Nafasi ya pili: modeli ya maandishi tu, inayokiri hivyo

Kama nyaraka zako tayari zimechapwa na unaweza kuzinakili na kuzibandika, hii ipande iwe ya kwanza. Ukiiandikia zile safu nne na kueleza kwamba taa zimefutwa, itakupa 35 bila shida. Kwenye kompyuta yako mwenyewe ni nyepesi pia, kwa kuwa haibebi sehemu ya ziada ya kuchakata picha.

Nafasi ya mwisho: inayopokea picha lakini inasoma herufi tu

Hapa programu ya kutambua herufi huchota maandishi kwenye picha, na modeli hupewa maandishi hayo peke yake. Kwa ukurasa uliochapwa vizuri inafaa. Kwenye jedwali letu, namba 30 ikiwa bado inasomeka chini ya wino, modeli itapewa safu zote nne na kukujibu 65. Haina namna ya kujua kwamba kuna mstari mwekundu. Nimeiweka mwisho kwa sababu hiyo: jibu linaonekana safi, na mtumiaji anaamini picha yake imetazamwa.

Jinsi ya kuzitofautisha

Wakati wa majaribio ya bure, chora pembetatu upande wa kushoto na duara upande wa kulia, bila herufi yoyote. Piga picha, pakia, uliza ni umbo gani liko kushoto. Inayosoma herufi tu mara nyingi italalamika kwamba hakuna maandishi, au itabahatisha. Ili kuondoa bahati, anza mazungumzo mapya na upakie mchoro wenye maumbo yaliyobadilishana nafasi. Kama jibu halikubadilika, haioni.

Kwa anayepakua modeli, jina la familia halitoshi. Llama 3.2 ilitoka Septemba 2024 kwa ukubwa wa aina nne: 1B na 3B, yaani zenye vigezo takriban bilioni 1 na bilioni 3, ni za maandishi tu, 11B na 90B zinaona. Gemma 3, ya Machi 2025, iko vivyo hivyo: ile ya 1B haioni, ila 4B, 12B na 27B zinaona. Ukitumia Ollama, programu ya kuendesha modeli kwenye kompyuta yako, ipakue modeli kwanza, kisha andika:

```
ollama show gemma3:4b
```

Tafuta neno `vision` chini ya `Capabilities`. Kwa llama.cpp, programu nyingine ya aina hiyo, modeli inayoona kwa kawaida huja na faili la pili lenye `mmproj` kwenye jina lake. Ukilisahau, modeli itafanya kazi kama kawaida kwa maandishi, lakini picha hazitaingia.