Uzoefu wangu na kifaa cha kusikilizia popo

Nimekitumia kifaa hiki karibu kila jioni kwa miezi minne. Ni cha aina rahisi kabisa: kinashikika mkononi, kina kipaza sauti mbele, spika ndogo, na kizungushio kama cha redio. Hakirekodi wala hakichori chochote. Lakini ndicho kilichonifanya nielewe jinsi popo anavyomkamata mdudu asiyemwona, kwa hiyo nitaeleza zaidi nilichosikia.

Sikio la binadamu hufikia mwisho kwenye kilohezi 20, na umri ukisonga hupungua. Popo wengi wanaokula wadudu hupiga kelele zao juu ya hapo, na kwa mwangwi wa kelele hizo humtambua mdudu gizani. Kifaa kinaziteremsha: ukikiweka kwenye 45 na popo akapiga kwa 47, spika inakupa ile tofauti, yaani 2, mlio ambao unausikia vizuri. Sauti unayopata siyo ya popo yenyewe, ila mdundo ni wake, haukuguswa. Na siri ya uwindaji imo ndani ya mdundo.

Usiku mmoja nilisimama kando ya maji yaliyotulia, popo mdogo akizunguka juu yake. Kwanza nikasikia ta… ta… ta…, kama mara kumi kwa sekunde. Ghafla ikawa tatatata, kisha zikaungana kuwa mvumo mmoja mfupi, brrrp! Kimya. Halafu ta… ta… zikaanza upya. Yote hayo hayakufika hata sekunde mbili.

Nilikaa na swali: kwa nini anaharakisha? Nikapiga hesabu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Nondo akiwa umbali wa mita tatu, kelele inakwenda na mwangwi unarudi kwa takriban milisekunde 18. Popo akipiga nyingine kabla ule haujarudi, anaweza kuchanganya mwangwi huu ni wa kelele ipi. Kwa hiyo anapotafuta mbali huacha nafasi. Sasa mchukulie anaruka mita tano kwa sekunde. Kwa kelele kumi kwa sekunde, kila baada ya kelele moja ameshasogea nusu mita. Mita ya mwisho angeimaliza kwa kelele mbili tu, huku nondo akipinda atakavyo. Angemkosa.

Ndiyo maana ya ule mvumo. Pale mwishoni anapiga zaidi ya mara 150 kwa sekunde, kwa hiyo anapata habari mpya kila anaposogea kama sentimita tatu. Anaweza kwa sababu mwangwi nao sasa unarudi upesi: nusu mita ni milisekunde tatu tu kwenda na kurudi. Tena kila kelele anaifupisha, maana ikiwa ndefu kuliko muda huo, mwangwi utamfika angali anapiga na utafunikwa. Misuli ya koo inayofanya kazi hiyo ni kati ya misuli yenye kasi kubwa kuliko yote inayojulikana kwa wanyama. Mimi hapo kila mara nashusha pumzi.

Sasa upungufu wake. Kifaa kinasikia kipande chembamba tu kuzunguka namba uliyochagua. Ukiwa kwenye 45, popo wa 25 atapita juu ya kichwa chako usijue. Na mvumo wa mwisho, kwa popo wengi, hushuka chini kuliko kelele za kutafuta, hivyo wiki za mwanzo niliukosa mara nyingi, nikidhani popo amenyamaza tu. Nikajifunza kukiteremsha kidogo, 35 hivi, nikishajua popo yuko karibu.

Halafu kuna vinavyodanganya. Panzi na nyenje hutoa mchakacho mfululizo usio na mapigo, na baadhi ya taa hutoa mlio usiobadilika popote usimamapo karibu nazo. Funguo zikigongana mfukoni kifaa kinapiga kelele kweli kweli. Mimi huzitumia makusudi kukagua kama betri ingali hai. Na popo wakubwa wanaokula matunda wakipita, usikilaumu kifaa kwa kunyamaza: wengi wao hutegemea macho na pua.

Jambo moja ambalo hakitakuambia moja kwa moja ni kama mdudu kakamatwa. Mvumo unaonyesha shambulio tu. Nimeona wakati wa machweo, bado kukiwa na mwanga, popo akivuma, akajikunja kumzoa mdudu kwa ngozi ya mkiani, na mdudu akaendelea kuruka.

Nakipa nyota nne. Anayetaka kutambua aina za popo atafute kinachorekodi. Anayetaka kusikia uwindaji wenyewe, hiki kinamtosha. Aanze kwenye 45, asimame karibu na maji, asubiri jua lizame.